Muuza kahawa anayeteleza: kisa cha fremu nane na injini ya Godot

Mchezo wenyewe ni mdogo. Muuza kahawa anakimbia juu ya mapaa, dele la shaba mkononi, anaruka kutoka nyumba hadi nyumba. Wanaoutengeneza ni wawili: dada anayechora kwa Aseprite, na kijana anayeandika programu kwa Godot 4. Mhusika ana fremu nane za kukimbia, kila moja ikiwa na pikseli 48 kwa 48, zote zimepangwa kwenye mstari mmoja wa karatasi ya spraiti. Ndani ya Aseprite anakimbia vizuri kabisa. Ndani ya mchezo anapepesa.

Kijana alikuwa na hakika kwamba kosa ni la kamera. "Kaka, ukizima kamera kufuata, inapungua," aliniambia, na kweli ilionekana hivyo. Alishabadilisha kasi ya kamera, akazima ulainishaji, akawasha mpangilio wa kubana mahali pa vitu kwenye pikseli kamili, akahakikisha `Default Texture Filter` iko kwenye `Nearest`. Hilo la mwisho ni sahihi kwa michoro ya pikseli na lilipaswa kubaki. Mengine yalikuwa ya kubahatisha.

Kazi ya kwanza katika hali kama hii ni kuutoa muda kwenye hesabu. Mhusika anayepepesa wakati mchezo unaendelea anaweza kuwa anaathiriwa na kamera, fizikia, skrini, saa ya animesheni, au picha yenyewe. Ukiusimamisha mchezo na kupitia fremu moja moja kwa mkono, vinne vya kwanza vinaondoka. Kwa hiyo tulifungua tukio la mhusika peke yake, tukachagua nodi ya `AnimatedSprite2D`, na kwenye Inspekta tukapandisha namba ya `Frame` kutoka 0 hadi 7, taratibu, huku tukiangalia kitu kimoja tu: ukingo wa nyuma wa kofia yake.

Kwa nini kofia? Kwa sababu mchoraji aliiweka mahali pamoja makusudi. Mwili unapanda na kushuka, mikono na miguu inapishana, lakini ukingo wa kofia uko kwenye safu ya 17 ya pikseli, ukihesabu kutoka kushoto kuanzia 0, katika fremu zote nane. Kila mhusika anayekimbia akiwa palepale huwa na alama ya namna hii. Ikiwa huijui, muulize aliyemchora. Kwenye Godot, fremu 0 ilionyesha kofia kwenye safu ya 17, fremu 1 kwenye ya 18, fremu 2 kwenye ya 19, na kuendelea hivyo hadi fremu 7 ambapo ilikuwa kwenye safu ya 24. Kisha animesheni inarudi mwanzo na kofia inaruka nyuma pikseli saba kwa mpigo mmoja. Mchezo wao unachorwa kwa ukubwa wa 480 kwa 270 na kukuzwa mara nne, kwa hiyo pikseli saba hizo ni 28 kwenye skrini ya kawaida ya kompyuta. Kamera ilikuwa imesingiziwa.

Kosa la aina hii halina sababu nyingi: upana wa kukatia umepishana na upana uliochorwa. Karatasi ilikuwa na upana wa pikseli 398. Fremu nane za 48 ni 384, na zilizobaki 14 ni nafasi saba za pikseli mbili mbili zilizoachwa kati ya fremu. Mchoraji alikuwa ameweka `Spacing` 2 wakati wa kutoa karatasi, jambo la busara, lakini hakumwambia mwenzake. Mwenzake alichukua 398 akagawanya kwa 8, akapata 49.75, akaacha desimali, akaandika 49 kwenye dirisha la kukatia. Fremu za kweli zinaanza kwenye 0, 50, 100, 150. Zake zilianza kwenye 0, 49, 98, 147. Kila fremu ilikatwa pikseli moja zaidi upande wa kushoto kuliko iliyotangulia, na picha ndani yake ikasogea kulia kwa kiasi hichohicho.

Hapo ndipo jambo jingine waliloniambia, ambalo walidhani halihusiani, lilipojieleza. Wakati mwingine kidoa cha rangi ya shaba kilionekana nyuma ya mgongo wa muuza kahawa, kikatoweka papo hapo. Kijana alifikiri ni hitilafu ya kadi ya picha. Tazama fremu 5: mkono umenyooshwa mbele na mdomo wa dele unafika safu ya mwisho kabisa, ya 47. Fremu hiyo kwenye karatasi inaanza 250 na kuishia 297. Lakini kisu cha 49 kiliikata kuanzia 245 hadi 293, kwa hiyo safu nne za mwisho za dele hazikuingia. Zilikwenda wapi? Kipande kilichofuata, cha fremu 6, kilianza 294. Safu 294 hadi 297 zikaingia humo upande wa kushoto, yaani nyuma ya mgongo. Fremu 5 ilipoteza mdomo wa dele na fremu 6 ikauokota. Ukiona kipande cha mwili wa mhusika kikimulika upande usio wake kwa fremu moja, hesabu mipaka ya ukataji kabla ya kulaumu chochote.

Kulikuwa na athari ya tatu ya namba 49, ndogo zaidi. Spraiti ikiwa na `Centered`, injini huweka katikati yake kwenye nukta ya nodi. Upana wa 48 unagawanyika 24 kwa 24. Upana wa 49 unagawanyika 24.5 kwa 24.5, na nusu ya pikseli haina pa kukaa. Baadhi ya safu zinaweza kuonekana nene kuliko jirani zake mhusika anaposogea. Upana na urefu wa fremu uwe namba shufwa. Hilo mimi huwa silijadili.

Suluhisho la haraka lilikuwa kurudi kwenye dirisha la kuongeza fremu kutoka karatasi ya spraiti na kuandika `Size` 48 kwa 48 na `Separation` 2. Lingetosha. Lakini nilimwomba mchoraji atoe karatasi upya kwa njia nyingine: `Spacing` 0 na `Inner Padding` 1. Tofauti ni kwamba `Spacing` inaweka nafasi kati ya fremu tu, pembeni hakuna, ndiyo maana jumla haigawanyiki sawasawa. `Inner Padding` inampa kila fremu ukingo wake wa pikseli moja tupu pande zote, na ukingo huo unahesabiwa kuwa sehemu ya fremu. Karatasi mpya ikawa 400 kwa 50. Gawanya kwa 8, unapata 50 bila baki, na hata mtu ambaye hajaambiwa lolote ataikata sawa. Kati ya picha mbili bado kuna pikseli mbili tupu, kwa hiyo rangi ya jirani haivuji kamera inapokuwa katikati ya pikseli. Na kwa kuwa ukingo ni sawa pande zote, kitovu cha picha hakijahama. Miguu inakanyaga palepale.

Nilimwonya pia asiguse `Trim Cels` kwa karatasi ya aina hii. Inapunguza nafasi tupu kuzunguka kila picha, karatasi inakuwa ndogo, lakini kila fremu inapoteza habari ya mahali ilipokuwa ndani ya boksi la 48. Habari hiyo inabaki kwenye faili la JSON, na kama hakuna anayeisoma, kofia itaanza kutangatanga upya.

Baada ya kukata upya, kofia ilitulia kwenye safu ya 18 katika fremu zote, ile moja ya ziada ikiwa ni ukingo. Tukaendesha mchezo. Mtelezo na kidoa vilikuwa vimekwisha. Lakini dada mchoraji alitazama kwa muda, akasema anakimbia kama mtu mwenye kokoto kiatuni, na kokoto yenyewe inahama mguu. Kijana hakuiona. Mimi niliiona baada ya kuambiwa.

Kwa hili macho hayatoshi, inabidi kupima. `AnimatedSprite2D` hutoa ishara ya `frame_changed` kila fremu inapobadilika, na injini inahesabu mapigo ya skrini, yaani kila mara picha nzima inapochorwa upya. Tuliandika hivi:

```gdscript
@onready var mwili: AnimatedSprite2D = $Mwili
var mwisho := 0

func _on_mwili_frame_changed():
    var sasa := Engine.get_process_frames()
    print(mwili.animation, " ", mwili.frame, " ", sasa - mwisho)
    mwisho = sasa
```

Namba ya tatu inasema fremu iliyopita ilikaa mapigo mangapi. Kwenye skrini ya hezi 60, pigo moja ni milisekunde 16.7. Mzunguko wa kwanza ulitoa 3, 3, 3, 2, 3, 3, 3, 2. Wa pili ukatoa 3, 3, 2, 3, 3, 3, 2, 3. Wa tatu ukawa tofauti tena. Fremu fupi ilikuwa inahama, na ndiyo kokoto aliyoiona.

Sababu ni kasi aliyoiandika kijana: 22. Hakuitoa hewani. Mzunguko wa mchoraji ulikuwa milisekunde 360. Fremu nane ndani ya muda huo ni 22.2 kwa sekunde, akakata ikawa 22. Hesabu nzuri, lakini skrini haiwezi kubadilisha picha katikati ya pigo. Sitini kugawanya kwa 22 ni 2.73, na hakuna fremu inayoweza kukaa mapigo 2.73. Injini inasubiri pigo linalofuata, kwa hiyo fremu nyingi zinakaa mapigo matatu na chache zinakaa mawili, na baki linasogezwa mbele hadi liangukie fremu nyingine. Kati ya milisekunde 50 na 33 kuna tofauti ambayo jicho la mchoraji linaikamata.

Kwa animesheni ya polepole ubaya huo haungeonekana sana. Fremu inayokaa mara mapigo sita, mara saba, wengi hawatagundua. Inayokaa mara mawili, mara matatu, tofauti ni theluthi nzima. Ndiyo maana mtu anaweza kufanya kazi na namba yoyote kwenye animesheni ya kusimama na kupumua bila shida, halafu ashangae kukimbia kunapomkataa.

Angeweza kuweka 20, namba inayogawanya 60, kila fremu ikakaa mapigo matatu. Usawa ungepatikana. Lakini nilipomuuliza mchoraji muda wa kila fremu, aliniambia haukuwa sawa tangu mwanzo. Fremu 0 na 4, ambapo kisigino kinagusa paa, zilikuwa milisekunde 60. Nyingine zote 40. Faili la PNG halibebi habari hiyo hata kidogo. Ni picha tu. Tangu karatasi ilipotoka Aseprite, uzito wa kukanyaga ulikuwa umepotea, na 22 ilikuwa wastani wa kitu ambacho hakikupaswa kupimwa kwa wastani.

Godot 4 inaruhusu kila fremu kuwa na muda wake, lakini muda huo si milisekunde. Ni kizidisho: muda halisi ni kizidisho kugawanywa kwa kasi ya animesheni. Kwa kasi ya 10, kizidisho 1 ni milisekunde 100 na 0.6 ni milisekunde 60, ukitaka kunakili namba za Aseprite moja kwa moja. Sisi hatukutaka, kwa sababu milisekunde 60 ni mapigo 3.6 na 40 ni mapigo 2.4, tukarudi kulekule. Tuliweka kasi ya 60. Hapo kizidisho 1 ni pigo moja, na unachoandika ndicho kinachoonekana.

Swali likawa: mapigo mangapi kwa fremu ipi? Mzunguko wa milisekunde 360 ni mapigo 21.6, basi 22. Nusu ya mzunguko, hatua moja, ni mapigo 11 ya kugawana fremu nne. Mchoraji ndiye aliyegawa: 4 kwa kisigino, 3 kwa fremu inayofuata ambapo goti linajikunja kubeba uzito, 2 na 2 kwa mguu unaopita hewani. Hatua ya pili vivyo hivyo. Kwa maneno mengine 4, 3, 2, 2, 4, 3, 2, 2, jumla 22, milisekunde kama 367. Yale matatu ya fremu ya goti hayakuwamo kwenye kazi yake ya awali, na alipoona alisema ilitakiwa iwe hivyo tangu zamani. Kipimo chetu sasa kilitoa mpangilio uleule kila mzunguko, na kokoto ikatoka kiatuni.

Kwenye paa tambarare, yaani. Paa la bati lenye mteremko lilipofika, muuza kahawa alianza kupepesa upya, tena vibaya kuliko mwanzo. Safari hii kipimo kilisema wazi:

```
kimbia 3 2
anguka 0 2
kimbia 0 4
kimbia 1 4
anguka 0 1
```

Animesheni mbili zilikuwa zinagombania mwili mmoja. Katika Godot, kuita `play("kimbia")` kila pigo wakati `kimbia` tayari inacheza hakuirudishi mwanzo, kwa hiyo wengi hudhani `play` haina madhara. Lakini ukiita animesheni nyingine, hata kwa pigo moja, unaporudi `kimbia` inaanza fremu 0. Mguu ulikuwa hewani, ghafla kisigino kiko chini. Tulikuwa tumeunganisha kipimo na ishara ya `animation_changed` pia, kwa sababu zikibadilishana zote zikiwa fremu 0, `frame_changed` haitoi kitu na mpepeso huo unakupita.

Msimbo wa kijana ulikuwa ukiuliza `is_on_floor()` na kuchagua `anguka` papo hapo jibu likiwa hapana. Kwenye mteremko jibu lilikuwa hapana mara kwa mara. Mhusika anakimbia pikseli 180 kwa sekunde, yaani tatu kwa kila hatua ya fizikia. Paa lao linashuka pikseli moja kwa kila mbili, kwa hiyo katika hatua moja sakafu inashuka pikseli 1.5. `floor_snap_length`, umbali ambao `CharacterBody2D` hutafuta sakafu chini yake ili imshike, kwa kawaida ni 1. Anasogea mbele, anatafuta sakafu pikseli moja chini, haipo, anahesabiwa yuko hewani, mvuto unamshusha, anagusa, anaanza tena. Miguu yake haionekani kuachana na paa, lakini injini inamwona akidonadona njia nzima.

Tuliweka `floor_snap_length` 6. Haizuii kuruka, kwa kuwa injini haimshiki mhusika anayepanda juu. Hiyo peke yake iliondoa karibu mpepeso wote, ukabaki kwenye viungo vya vigae vichache. Kwa hivyo viungo tuliongeza uvumilivu mdogo kabla ya kukubali kwamba anaanguka:

```gdscript
var hewani := 0.0

func _physics_process(delta):
    velocity.x = Input.get_axis("kushoto", "kulia") * 180.0
    if not is_on_floor():
        velocity += get_gravity() * delta
    move_and_slide()
    hewani = 0.0 if is_on_floor() else hewani + delta
    if hewani > 0.08:
        mwili.play("anguka")
    elif velocity.x != 0.0:
        mwili.play("kimbia")
    else:
        mwili.play("simama")
```

Sekunde 0.08 ni hatua kama tano. Mtu anayeanguka kweli atachelewa kiasi hicho kubadilisha sura na hakuna atakayejali. Anayevuka kiungo cha vigae hatabadilika kabisa. Kuruka ni jambo jingine: mchezaji akibonyeza anataka kuona sasa hivi, kwa hiyo animesheni ya kuruka wanaianzisha kwenye kitufe chenyewe na kuilinda kwa alama yake, nje ya msimbo huu. Uchaguzi wa animesheni pia umewekwa baada ya `move_and_slide()`, kwa sababu kabla yake `is_on_floor()` inajibu habari za hatua iliyopita. Muda huu wa uvumilivu usiuweke kabla hujarekebisha umbali wa kushika. Utaficha mpepeso, lakini mhusika ataendelea kudonadona na kuruka kutafeli nusu ya wakati kwenye mteremko.

Kisha wakaujaribu kwenye simu yenye skrini ya hezi 90, na mapigo yakabadilika maana. Milisekunde 33.3 ni mapigo matatu kamili, 66.7 ni sita, lakini 50 ni manne na nusu, kwa hiyo fremu ya goti inakaa mara manne, mara matano. Tuliliacha. Kilichoonekana zaidi kwenye simu hiyo ni mwili mzima kusonga kwa kusitasita, na kijana alitaka kurudi kwenye karatasi ya spraiti. Kipimo kilimzuia: mpangilio wa fremu ulikuwa mzima. Fizikia inamsogeza mhusika mara 60 kwa sekunde, skrini inachora mara 90, kwa hiyo kila michoro mitatu mmoja unamkuta hajasogea. Dawa yake ni `Physics Interpolation` kwenye mipangilio ya mradi, ambayo kwa michezo ya pande mbili inapatikana kuanzia Godot 4.3. Waliiwasha, na mara moja wakapata jambo jipya: muuza kahawa akianguka barabarani na kurudishwa mwanzo wa paa, alionekana akipaa angani kwa kufumba na kufumbua, kwa kuwa injini ilikuwa inalainisha safari kati ya mahali pawili. Mstari mmoja wa `reset_physics_interpolation()` mara tu baada ya kubadilisha `position` uliimaliza safari hiyo.